Prednisoloni kwa mgonjwa mwenye VVU na maji kwenye mfuko wa moyo

Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, mtu anayeishi na VVU akijaa maji katika mfuko unaozunguka moyo, mara nyingi chanzo ni kifua kikuu, na dawa za kifua kikuu huanzishwa hata kabla kimelea hakijaonekana maabara. Juu ya hilo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye prednisoloni: je, aongezewe dawa hii ya kutuliza uvimbe, au aachwe bila hiyo?

Hoja ya kumpa inatokana na jinsi ugonjwa unavyoendelea. Maji yanaweza kukauka, lakini mfuko ukabaki mnene na mgumu, ukaubana moyo usipate nafasi ya kujaa damu. Hali hiyo huja baada ya majuma au miezi, na ikikomaa tiba yake ni upasuaji wa kuuondoa mfuko wenyewe, ambao katika ukanda wetu hufanyika kwenye vituo vichache tu, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Kwa kuwa ugumu huo ni zao la uvimbe, kuutuliza mapema kunaonekana kuwa jambo la busara.

Hoja hiyo ilipimwa katika utafiti wa IMPI, ulioongozwa na Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2014. Ulikuwa na wagonjwa 1,400 kutoka nchi 8 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na takribani theluthi mbili yao walikuwa na VVU. Waliopewa prednisoloni walianza na miligramu 120 kwa siku, wakapunguziwa kila juma hadi juma la 6. Kipimo kikuu kilichojumuisha vifo, maji kuukandamiza moyo na mfuko kukakamaa hakikuonyesha tofauti ya maana. Hata hivyo mfuko ulikakamaa kwa asilimia 4.4 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 7.8 ya wasiopewa, na waliolazwa hospitalini walikuwa wachache zaidi. Upande wa pili, saratani zinazohusiana na VVU, hasa ile ya Kaposi, ziliwapata asilimia 1.8 dhidi ya asilimia 0.6.

Kwa kila wagonjwa 1,000, basi, takribani 34 huepushwa na mfuko kukakamaa, na takribani 12 huongezeka kwenye saratani. Hesabu hiyo inavutia, lakini inapotosha ikisomwa peke yake, kwa sababu faida iligawanyika kwa wote ilhali mzigo wa saratani uliwaelemea wenye VVU. Ndiyo maana miongozo inatofautiana: Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliruhusu dawa hiyo kwa wagonjwa wa aina hii, wakati madaktari wa moyo wa Ulaya, mwaka 2015, walishauri isitumike kwa wenye VVU.

Kwa maoni yangu, uamuzi utokane na hali ya kinga. Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 34, seli zake za kinga za CD4 zikiwa 60 tu, ambaye hajaanza ARV. Amevimba miguu, mishipa ya shingo imejaa na picha ya kifua inaonyesha moyo mkubwa. Hapa kuna hatari ya kudhani misuli ya moyo imedhoofika na kumpa furosemidi, dawa ya kukojoza maji, ambayo huzidi kuupunguzia damu moyo uliokandamizwa na maji. Mapigo yanayofifia anapovuta pumzi, pamoja na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndivyo vinavyotenganisha hali hizi mbili. Maji yakiukandamiza moyo, yatolewe kwa sindano bila kusubiri, kisha dawa za kifua kikuu zianze. Mtu huyu nisingempa prednisoloni, kwa kuwa ndiye aliye karibu zaidi na Kaposi. Kinywa na ngozi yake vikaguliwe kutafuta dalili za saratani hiyo, na ARV zianze mapema, kwa kawaida ndani ya majuma mawili. Akitumia dolutegraviri, mojawapo ya ARV, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, dolutegraviri iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku.

Mwanamke ambaye ARV zimefubaza virusi vyake kwa miaka mingi, CD4 zake 500 na hana dalili ya Kaposi, ni mtu wa aina nyingine. Kwake ningeelekea kutumia prednisoloni. Wanaopinga wana hoja nzito, kwamba IMPI haikupanga wagonjwa kwa namna hiyo na kwamba usalama wa dawa hiyo kwa mtu kama yeye unakisiwa kutokana na mantiki. Naikubali hoja hiyo, na kwa sababu hiyo ningemweleza hatari zote mbili kabla hajameza kidonge cha kwanza, kisha eko irudiwe katika miezi ya mwanzo, awe amepewa dawa hiyo au hakupewa, ikitafuta mfuko unaonenepa huku tumbo na miguu vikianza kujaa upya.