Uvimbe wa paka baada ya sindano: usikubali "tuutoe tu"

Paka akichanjwa kisha akaota uvimbe pale alipochomwa, jibu linalotolewa haraka ni "tuutoe tu". Napinga jibu hilo kwa nguvu zote. Uvimbe mwingi wa aina hiyo ni mwili unapambana na chanjo, na hunywea wenyewe baada ya wiki kadhaa. Mara chache sana hugeuka sarkoma, saratani ambayo madaktari walianza kuihusisha na chanjo mwaka 1991. Uchache huo si sababu ya kuacha kumchanja paka, maana kichaa cha mbwa hakina tiba. Ni sababu ya kupima uvimbe kwa rula na kuandika tarehe.

Kanuni ya tatu-mbili-moja inasema hivi: uvimbe uchunguzwe ikiwa bado upo miezi 3 baada ya sindano, au umezidi sentimita 2, au unazidi kukua mwezi 1 baada ya sindano. Sharti moja likitimia, latosha.

Tuseme paka ana uvimbe wa sentimita 2.5 katikati ya mabega, wiki 6 baada ya chanjo. Miezi 3 haijafika, lakini ukubwa umeshavuka mpaka, kwa hiyo hakuna kusubiri. Daktari akate kipande kidogo tu kiende maabara, tena akate mahali ambapo kovu lake litaondolewa pamoja na uvimbe wote baadaye. Kunyonya chembe kwa sindano nyembamba mara nyingi hakutoi jibu la uhakika.

Hapa ndipo watu hukosea. Hata ukiwa sarkoma, uvimbe huo ukiushika unaweza kucheza chini ya vidole kama gololi, ukadhani una mwisho wake. Kumbe umetuma mizizi kwenye misuli na tando zake, mbali kuliko jicho linavyoona. Ukimenywa kama ulivyo, mizizi hubaki, saratani hurudi, na operesheni ya pili hukuta eneo pana zaidi lililochafuka. Nafasi bora ya kumponya paka ni operesheni ya kwanza.

Ndiyo maana wapasuaji wanaoijua sarkoma hii huanza na picha ya CT, kisha hulenga kuutoa uvimbe pamoja na sentimita 5 za nyama nzima kila upande na kushuka matabaka mawili ya misuli chini yake. Kwa uvimbe wetu, hilo ni jeraha la sentimita 12.5. Kati ya mabega, pengine ncha za pingili za mgongo na sehemu ya mfupa wa bega vitaondolewa pia. Baadaye mwenye paka adai ripoti ya maabara inayosema kama kingo za nyama iliyotolewa zilikuwa safi, yaani hazina saratani.

Sasa fikiria sindano hiyohiyo ingechomwa chini ya goti. Mguu mzima ungekatwa juu kabisa, kingo safi zingepatikana kirahisi zaidi, na paka wengi hutembea na kuruka vizuri kwa miguu mitatu. Kwa hiyo paka wako akienda kuchanjwa, mwombe daktari amchome chini mguuni, si mabegani, na aandike kwenye kadi ni mguu upi.