Siku 45 kuanzia lini, jamani?

Jumatatu ya tarehe 11 Agosti 2025, saa tatu kasoro asubuhi, chai bado inafuka, simu ikaita. Dada wa hesabu wa msambazaji wetu wa mabati. Salamu zilikuwa fupi, zile za mtu mwenye jambo. "Kaka, mzigo wenu leo hautoki. Mna deni limepita siku." Nikamwambia haiwezekani, kalenda yangu inasema tarehe 15. Akanijibu kwa upole ulioniuma kuliko angenitukana: "Naomba uisome ankara, kaka. Yote."

Hiyo "yote" ndiyo iliyonimaliza, maana ankara yenyewe sikuwahi kuishika. Nilichokuwa nacho ni picha aliyoipiga dereva wetu juani, akaitupa kwenye wasapu kati ya picha ya tairi lililopasuka na salamu za asubuhi zenye maua. Juu panasomeka vizuri tu: tarehe 24/06/2025, namba, kiasi, na kwenye kisanduku chake `Net 45`, yaani lipa ndani ya siku 45. Chini pamelaliwa na kidole gumba cha dereva. Karatasi ilipoletwa ofisini ndipo nikauona mstari uliokuwa chini ya kidole, herufi ndogo kama sisimizi, ukisema siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya ankara.

Mimi nilikuwa nimehesabu kuanzia mzigo uliposhuka, tarehe 1 Julai. Na msinicheke. Mtu aliyekulia kwenye mali kauli anajua hivyo: mali imeshuka, kauli imetoka, siku zimeanza. Nani amewahi kuanza kudaiwa mabati yakiwa bado kwenye ghala la mwenyewe?

Sasa tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Tarehe ya ankara yenyewe haihesabiwi. Siku ya kwanza ni kesho yake. Kuanzia 25 hadi 30 Juni ni siku 6. Julai nzima 31, jumla 37. Zimebaki 8, kwa hiyo mwisho ni tarehe 8 Agosti. Ukianza na siku ya kupokea mzigo, 1 Julai, unaangukia 15 Agosti. Halafu wapo wanaohesabu kuanzia mwisho wa mwezi wa ankara, na mara nyingi wanaandika `EOM` pembeni: kutoka 30 Juni siku 45 zinakufikisha 14 Agosti. Karatasi ni moja, 45 ni ile ile, tarehe ni tatu. Sasa mtu anapoandika `Net 45` peke yake kwenye kisanduku, akaona amemaliza kazi, ameniambia nini? Ameniambia urefu wa kamba bila kunionyesha kigingi ilipofungwa.

Haya, nakubali. Pasipoandikwa kitu kingine, mazoea ya kibiashara ni kuhesabu kuanzia tarehe ya ankara, na mhasibu anatakiwa kulijua hilo. Nililijua. Nilichagua tarehe iliyoipendeza akaunti ya benki ya bosi. Lakini mstari unaoamua deni la milioni sita na ushee unawekwaje chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kusomea darubini? Wengine wanauweka nyuma ya karatasi, ambako hakuna dereva aliyewahi kupiga picha tangu simu ziwekewe kamera.

Tangu siku ile, picha ya ankara ikiingia siandiki tarehe ya kulipa kwanza. Naandika vitu vitatu kama vilivyo kwenye karatasi: tarehe ya ankara, idadi ya siku, na siku zinaanzia wapi. Cha tatu kisipoonekana, sikisii. Nafasi inabaki wazi na dereva anapigiwa simu arudie picha, pembe zote nne, mbele na nyuma. Ankara ikiwa imechapishwa tarehe ya mwisho ya kulipa, ndiyo raha yangu, maana natoa tarehe ya ankara kwenye hiyo tarehe nione kama inakuja 45. Ikija 15, ujue nimesoma 1 kama 4 mahali fulani, au muhuri umeimeza. Ikija 51, huenda wamehesabu kuanzia mwisho wa mwezi. Kwa ankara yetu ya 24 Juni ingekuja hivyo hivyo, 51 kamili.

Kuna jambo lingine lililonipotezea usingizi, la tarehe zilizogeuzwa. Tuna ankara kutoka Dubai iliyoandikwa 07/06/2025. Kwetu hiyo ni 7 Juni, na siku 45 zinaishia 22 Julai. Lakini kompyuta iliyowekwa mtindo wa Kimarekani inaisoma 6 Julai, mwisho 20 Agosti. Karibu mwezi mzima! Na Excel haikuonyi. Ukiingiza 24/06/2025 kwenye kompyuta kama hiyo inagoma, kwa sababu mwezi wa 24 haupo, inaiacha kama maneno yaliyosogea kushoto, na ukijumlisha inakupigia kelele za `#VALUE!`. Hiyo ni heri. Hatari ni ile 07/06 inayokubaliwa kimya kimya, ikakaa kulia kama tarehe safi. Dawa yake ni kutafuta ankara nyingine ya msambazaji huyo huyo yenye namba inayozidi 12. Hapo unajua siku anaiandika upande gani.

Tukirudi kwenye 8 Agosti. Fungueni kalenda ya 2025 muone ilikuwa siku gani. Ijumaa, na ni Nane Nane! Benki zimefungwa, halafu wikiendi. Kwa hiyo hata ningehesabu sawasawa, nikaandika tarehe 8 ukutani kwa wino mwekundu, bado pesa ingetoka Jumatatu tarehe 11, na yule dada angenipigia vile vile. Tarehe ya mwisho na tarehe ya kulipa ni vitu viwili. Wapo wasambazaji wanaokubali siku ya kazi inayofuata. Wetu si mmojawao, kwa hiyo mimi narudi nyuma:

```
=B2+C2
=EOMONTH(B2,0)+C2
=WORKDAY(E2+1,-1,Sikukuu)
```

`B2` ni tarehe siku zinapoanzia, `C2` ni 45. Mstari wa pili ni wa wale wa mwisho wa mwezi. Matokeo ya mmojawapo yanakaa `E2`, na mstari wa tatu unarudisha siku ya kazi ya mwisho isiyovuka hapo. `Sikukuu` ni orodha niliyoiandika mwenyewe, Saba Saba, Nane Nane na wenzake. Kwa ankara yetu unatoa Alhamisi tarehe 7. Idi naiachia nafasi siku mbili, maana mwezi hauonekani kwa fomula.

Kalenda anayoiona bosi ina ile Alhamisi tu. Tarehe 8 nimeificha kwenye safu ya pembeni, kwa sababu namfahamu mzee wangu: akiiona siku ya mwisho, hiyo ndiyo siku anayoanza kutafuta pesa. Kila safu ya wiki ina jumla yake chini, ili aone mapema wiki ambayo ankara nne zimepangana kama abiria wa daladala.

Jana dereva kaleta picha mpya. Pembe nne zote zipo, nyuma ipo, herufi zinasomeka hadi sisimizi wa chini. Kwenye kisanduku cha masharti pameandikwa kwa kalamu: "Kama kawaida."