Ndege za kivita hazikumwaga shilingi mtaani

Ukigusia mfumuko wa bei wa mwaka 2011 mbele ya vijana wa Kampala wanaosoma uchumi, jibu huja haraka: serikali ilinunua ndege za kivita, fedha zikazagaa, bei zikapaa. Lawama hiyo siikatai. Ninachokataa ni mnyororo wenyewe, kwa sababu kiungo cha katikati ni cha uongo.

Ndege zile za Urusi ziligharimu takriban dola milioni 740. Malipo ya namna hiyo hupita hivi: serikali inatoa shilingi kwenye akaunti yake iliyoko Benki Kuu, Benki Kuu inatoa dola kwenye akiba yake, dola zinakwenda ng'ambo. Hakuna mwenye duka Kikuubo anayepokea hata senti, kwa hiyo ujazi wa fedha hauongezeki. Madhara yanaingia kwa mlango mwingine. Akiba inapungua, waagizaji wanahofu kwamba shilingi haina wa kuitetea, wanakimbilia dola, na mafuta yanapanda bei.

Matumizi ya ndani kabla ya uchaguzi wa Februari 2011 ni habari nyingine kabisa. Shilingi zikilipwa kwa watu wa hapa, zinaingia benki, na benki zinapata nguvu ya kukopesha zaidi, isipokuwa Benki Kuu izivute tena kwa kuuza hati za hazina. Juu ya hayo kulikuwa na ukame, uliopandisha bei ya chakula bila kumwuliza mtu yeyote wa bajeti.

Kufikia Oktoba mfumuko ulivuka asilimia 30. Benki Kuu, iliyoanza na riba elekezi ya asilimia 13 mwezi Julai, iliifikisha 23 ifikapo Novemba. Riba hainyeshi mvua. Ilibana mikopo na kuwavuta wenye dola warudi kwenye shilingi. Bei ya maumivu hayo waliilipa wafanyabiashara, ambao Januari 2012 walifunga maduka wakipinga riba za benki.

Zoezi ninalolipenda ni hili. Kilo ya unga ni shilingi 1,000, mwaka wa pili 1,300, wa tatu 1,365. Eleza kwa sentensi mbili. Wengi huandika kwamba mwaka wa tatu unga umeshuka bei. Kilichoshuka ni mfumuko, kutoka asilimia 30 hadi 5. Mnunuzi bado anaongeza shilingi 65. Ndiyo maana naona riba ilisifiwa kupita kiasi mwaka 2012: sehemu ya nafuu ilitokana tu na kulinganisha na bei ambazo tayari zilikuwa juu.

Jingine: serikali inawalipa makandarasi wa barabara. Ikikopa NSSF, shilingi zinahama kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Ikikopa Benki Kuu, zinazaliwa shilingi ambazo jana hazikuwepo. Barabara ni ileile, mnyororo si uleule.