Nyutroni hazichagui, boroni ndiyo inayochagua

Kuna tiba ya saratani ambayo mgonjwa hupewa dawa yenye boroni, kisha hupigwa kwa nyutroni. Watu wakiieleza, husema mionzi yake inazichagua seli za saratani. Kauli hiyo naipinga. Nyutroni hupita kwenye uvimbe, kwenye ngozi na kwenye mishipa ya damu bila kubagua. Kinachochagua ni dawa inayobeba boroni.

Boroni ya asili ni mchanganyiko, na takriban sehemu moja kwa tano yake ni boroni-10, ambayo ina uroho mkubwa wa nyutroni za mwendo wa polepole. Ikimeza moja huwa boroni-11, na papo hapo hupasuka vipande viwili: heliamu yenye uzito wa 4 na lithiamu yenye uzito wa 7. Vipande hivyo vina nguvu nyingi lakini haviendi mbali. Cha heliamu husimama baada ya mikroni 9 hivi, cha lithiamu baada ya 5. Seli yenyewe ina upana wa mikroni 10 hivi. Kwa hiyo vinamalizia nguvu zao ndani ya seli iliyobeba boroni, au kwa jirani anayegusana nayo, na seli yenye afya iliyo mbali zaidi ya hapo, isiyo na boroni, husalimika.

Lakini ufupi huo wa safari haujui saratani ni ipi. Boroni ikiwa mahali pasipofaa, itaharibu hapohapo. Ndivyo ilivyokuwa Marekani kati ya 1951 na 1961, katika maabara ya Brookhaven na chuo cha MIT, walipotibiwa wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo. Dawa za wakati ule zilibaki kwa wingi kwenye damu, basi kuta za mishipa ya ubongo nazo zikaungua. Isitoshe, nyutroni zilizotumika zilikuwa dhaifu, hazikufika chini sana. Majaribio yakasimamishwa.

Dawa inayotumika zaidi leo imeundwa kwa kufuata asidi-amino iitwayo fenilalanini, ambayo seli nyingi za saratani huifyonza kwa pupa. Japani iliidhinisha tiba hii 2020 kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo zisizoweza kupasuliwa. Mgonjwa hutundikiwa dripu ya dawa, damu yake hupimwa boroni, kisha muda wa kukaa mbele ya nyutroni hukadiriwa kwa kile ambacho utando wa kinywa unaweza kustahimili. Utando huo nao hufyonza boroni kiasi, ndiyo maana vidonda vya kinywa hutokea. Zaidi ya hapo, haidrojeni na naitrojeni zilizo mwilini nazo hukamata nyutroni chache, kwa hiyo hata tishu isiyo na boroni hupata kiasi cha mionzi.

Madaktari hulenga uvimbe uwe na boroni angalau mara tatu ya tishu iliyouzunguka. Kuna picha maalumu ya kuonyesha uwiano huo kabla ya tiba, kwa kutumia dawa hiyohiyo iliyotiwa alama ya mionzi. Kwa maoni yangu, picha hiyo isiachwe kwa mgonjwa yeyote, kwa sababu uvimbe usiofyonza dawa hautapona kwa kuongezewa nyutroni. Kitakachoongezeka ni madhara kwa tishu yenye afya.