Salamu Zangu Zimeniponza Zimmerman

Kosa langu la kwanza kuhamia mtaa wa Zimmerman, Nairobi, lilikuwa kusalimia watu. Mimi ni mtu wa Malindi, na kwetu salamu ni shughuli: u hali gani, nyumbani hawajambo, watoto je, mzee na ule mguu wake? Asubuhi ya kwanza nikamkuta jirani wa mlango wa pili akifunga kufuli, nikamwanzia. Nilipofika kwa watoto, mkono wake ulishaingia mfuko wa simu. Nilipofika kwa mzee akanikata: "Boss, hata mimi sina."

Jamani, nimeomba nini? Kumbe Nairobi ukiuliza hali mara mbili, ya tatu wanasubiri mkopo.

Dukani ndiko kubaya zaidi. Muuzaji yuko nyuma ya wavu wa chuma kama simba wa maonyesho, nyuma yangu foleni ya watu wanataka mkate na maziwa, na mimi nasema, "Za tangu asubuhi, ndugu yangu?" Mtoto wa miaka saba akapenyeza mkono chini ya kwapa langu akanunua kiberiti.

Aliyeniokoa ni mama mboga wa pale kona, ingawa tulianza vibaya. Nilimuuliza fungu la sukuma bei gani, akasema, "Mbao." Nikamwambia mama, mimi nataka mboga, kitanda ninacho. Alicheka hadi akaweka kisu chini. Mbao ni shilingi ishirini, chwani ni hamsini, soo ni mia. Akanifundisha hapohapo huku akikata.

Na hapo ndipo nilipogundua siri ya mji huu. Ukisema "nikatie", mama huviringisha majani kiganjani, kisu kinapita shwa, shwa, shwa, na kwa dakika tatu nne hamna pa kwenda, wewe wala yeye. Mdomo wake hauna kazi. Hizo ndizo dakika za mazungumzo. Ukinunua sukuma nzima ukaenda kujikatia nyumbani, utakaa mtaani miaka kumi bila kujua maji yanafunguliwa siku gani. Mimi kwa fungu moja nilijua siku za maji, fundi asiyekimbia na pesa, na kwamba keateka haongeleshwi kabla ya chai.

Watu wa bodaboda nao wana mtihani wao. Ukishuka stegi ukauliza kwa upole, "Samahani kaka, mpaka ploti ya ghorofa tano, geti la kijani, ni pesa ngapi?" hiyo ni soo, tena anakuangalia kwa huruma. Mama akanifunza: usiulize. Panda, kisha sema, "Nitupe pale kwa fundi viatu, na chwani." Jina la ploti wanalijua hata wageni, lakini fundi viatu hana kibao, anajulikana na wenyeji tu. Siku ya kwanza kujaribu sauti ilinitetemeka, ila pikipiki iliondoka!

Tena huyo kijana ana habari. Njiani akanieleza kwamba Githurai 44 na Githurai 45 zilipata majina kutoka namba za matatu zinazokwenda huko, na kwamba Zimmerman ni jina la mzungu wa Kijerumani aliyekuwa na kazi hapa ya kukausha na kujaza wanyama waliowindwa. Nikakumbuka yule wa dukani nyuma ya wavu, nikanyamaza.

Majirani je? Hao hufunguka stima ikipotea. Ghafla milango yote iko wazi, kila mtu na tochi ya simu: "Ni kwangu tu ama tokeni zimeisha?" Ikirudi, wanafunga. Nina urafiki wa dakika arobaini na watu wa ghorofa nzima.

Sasa nimekuwa mwenyeji, na ndipo shida ilipoanza. Wananiita Mombasa. Nimesema Malindi mpaka nimechoka. Huku anayesema "tafadhali" ni wa Mombasa, basi. Nikalipa mama mboga kwa M-Pesa, ujumbe ukamfikia na jina langu, na sasa nikikaa siku mbili bila kupita ananiita kwa jina la kitambulisho, kutoka ng'ambo ya barabara, kama karani wa mahakama: "Siku hizi unakula wapi?"

Juzi nikapitia njia ya nyuma, nikanunua chipsi na robo kuku. Nailoni zilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo kuku akafungwa kwenye karatasi, mafuta yakapenya, harufu ikatangulia. Yule kijana wa boda akapunguza mwendo kando yangu.

"Mombasa! Mama amekukatia sukuma kitambo. Nimwambie nini?"

Nikampa paja.