Barua ya mhandisi mitambo kwa kiwanda cha saruji: ajieleze kwa mashine au kwa tani?

"Kaka, nimemaliza uhandisi mitambo mwaka huu, nipo Moshi. Naomba nafasi ya mhandisi mwanagenzi wa uzalishaji kwenye kiwanda cha saruji. Fildi nilifanya kiwanda cha sukari. Wengine wananiambia barua niijaze mashine, wengine wanasema mashine ni za idara ya matengenezo. Nishike lipi?"

Mdogo wangu, wanaokuambia ujaze mashine wana hoja nzito. Tanuri la klinka, yale madonge yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, likisimama hadi likapoa, kulipasha upya huchukua siku nzima au zaidi, kwa sababu likipashwa haraka matofali ya ndani hupasuka. Na kinacholisimamisha chaweza kuwa kitu kidogo tu, kama beringi ya feni au mnyororo wa elevita ya ndoo. Mwenzako wa uhandisi kemikali anajua kwa nini klinka huiva kwenye nyuzijoto 1450 hivi. Wewe unajua kwa nini beringi inapata moto. Ukilifuta hilo kwenye barua, unakwenda kushindana naye kwenye uwanja wake.

Ila barua yako itasomwa na meneja uzalishaji. Huyo kila asubuhi anaanza na ripoti ya shifti: tani zilizotoka, muda uliopotea, sababu, umeme uliotumika kwa kila tani. Chukua kinu kinachosaga tani 90 kwa saa. Kikisimama dakika 40, zimekwenda tani 60, yaani mifuko 1,200 ya kilo 50. Sasa mtu anayewaza hivyo mpe barua inayosifia kuchomelea, mashine ya kukereza na programu za kuchora. Atakuona fundi mzuri, kisha atakupeleka kwa jirani yake wa matengenezo, ambako pengine hakuna nafasi iliyotangazwa.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa pili, kwa sharti moja: mashine zibaki, lakini zielezwe kwa muda zilizosimama. Tuseme kwenye rasimu umeandika, "Nilishiriki kutengeneza konveya ya mabaki ya miwa." Sentensi hiyo kila aliyepita fildi anayo. Ilinganishe na hii:

"Konveya inayopeleka mabaki ya miwa kwenye boila ilisimama mara 7 katika wiki 5 za kwanza. Niliandika saa na sababu ya kila tukio. Mara 5 mnyororo uliruka sproketi ya upande mmoja. Tulipopima tukakuta shafti imekaa upande. Baada ya mafundi kuinyoosha, katika wiki 3 zilizobaki ilisimama mara 1."

Hapo meneja anaona mtu anayeweka kumbukumbu, anayetafuta chanzo badala ya kubadilisha mnyororo kila mara, na anayerudi kuangalia kama tatizo limeisha. Mnyororo na sproketi vipo saruji pia, kwa hiyo hutahitaji kujifanya unalijua tanuri. Sisi wa huku kaskazini wengi hatujawahi kuliona. Ya karibu yako Tanga.

Namba hizo, hata hivyo, zina hatari yake. Ziwe zako kweli, zimo kwenye daftari lako la fildi, maana kwenye usaili utaulizwa shafti mliipimaje na kwa kifaa gani. Tena usidai kwamba kunyoosha shafti ndiko kulikomaliza tatizo. Wiki 3 ni chache kulinganisha na 5, na huenda miwa ilipungua, konveya ikabeba mzigo mdogo. Angalia pia "tulipopima" na "mafundi kuinyoosha": mwanafunzi wa fildi anayedai alinyoosha shafti peke yake hujulikana mara moja.

Wanaopinga njia hii wana pingamizi moja ninaloliheshimu. Mara nyingi barua hupita kwanza kwa afisa rasilimali watu, na kwake sproketi haimwambii kitu. Yeye anakagua shahada, mwaka wa kuhitimu, usajili wa mhandisi mhitimu kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama tangazo limeutaka, na kama uko tayari kwa shifti za usiku. Hayo yaweke aya ya kwanza, mistari mitatu inatosha, ndipo konveya ifuate. (Mambo ya "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" yaache, yanakula nafasi.)

Kama daftari la fildi huna au ulikuwa unasaini tu, basi waliokuambia ujaze mashine wameshinda kwa upande wako. Andika mashine moja uliyoifungua mwenyewe, sema ulikuta nini ndani, na uombe nafasi ya matengenezo pia kwenye kiwanda hichohicho ikiwa imetangazwa.