Kipimo cha sita: kukifuta au kukibakiza

Chukua mzigo wa mahindi uliopimwa sumukuvu. Magunia sita yamechomwa bambo, kila sampuli ikasagwa na kupimwa peke yake. Majibu, kwa mikrogramu katika kilo moja, ni 3.8, 4.4, 3.5, 4.9, 4.0 na 21.4. Namba nimezitunga, lakini aliyefanya kazi hii hatakosa kuitambua sura yake. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa jumla ya aflatoksini, ndiyo hiyo sumukuvu, ni 10. Je, hiyo 21.4 ifutwe?

Wanaosema ifutwe hawasemi ovyo. Wana jaribio la Dixon: chukua pengo kati ya kipimo kilichojitenga na jirani yake wa karibu, ugawe kwa tofauti kati ya kipimo kikubwa kabisa na kidogo kabisa. Hapa ni 16.5 kwa 17.9, yaani 0.92. Kwa vipimo sita, ikizidi 0.625 jaribio linaruhusu kukitoa kwa uhakika wa asilimia 95. Jaribio la Grubbs, lenye kusudi hilohilo, nalo linaafiki. Tena makosa ya maabara yapo kweli: pipeti iliyovuta hewa, kizidisho cha uchanganyaji kilichosahauliwa, kinu kisichosafishwa baada ya sampuli chafu iliyotangulia. Mkulima mwenye mahindi safi hana sababu ya kubeba gharama ya kinu cha mtu mwingine.

Sasa tazama kinachotokea kikifutwa. Vipimo vitano vilivyobaki vina wastani wa 4.1 na mkengeuko sanifu, yaani kiasi vinavyotawanyika, wa 0.54. Masafa ya uhakika wa asilimia 95, yaani mipaka ambayo wastani wa kweli wa mzigo unatarajiwa kuwa ndani yake, hupatikana kwa kugawa mkengeuko huo kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, kisha kuzidisha kwa namba ya jedwali la t, ambayo kwa vipimo vitano ni 2.776. Yanatoka 3.4 hadi 4.8. Mzigo unaonekana salama, mbali kabisa na 10, na karatasi inapendeza.

Kikibaki, wastani unapanda hadi 7.0 na mkengeuko sanifu unaruka hadi 7.07. Masafa ya uhakika yanakuwa kati ya -0.4 na 14.4. Wastani wenyewe bado uko chini ya kikomo, lakini masafa yamekivuka, kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kwamba mzigo umefaulu. Na hapo chini kuna namba hasi, wakati hakuna mahindi yenye sumu pungufu ya sifuri. Wengi huichukua namba hiyo kuwa ushahidi kwamba 21.4 imeharibu hesabu. Mimi naisoma kinyume: hesabu ndiyo haikufaa mahindi haya. Jedwali la t, jaribio la Dixon na la Grubbs yote yanachukulia kwamba vipimo vinatawanyika kwa ulinganifu pande mbili za wastani. Sumukuvu haitawanyiki hivyo.

Ukungu haushambulii mzigo mzima sawasawa. Unaingia kwenye punje iliyopasuka, iliyotobolewa na mdudu au iliyolala kwenye unyevu, na punje za jirani zinaweza kubaki safi. Kuna punje moja moja za mahindi zilizowahi kupimwa zikakutwa na zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo. Namba hiyo inastahili kukaliwa kidogo. Punje ya gramu 0.3 yenye kiwango hicho imebeba mikrogramu 120 za sumu. Itupe kwenye kilo tano za mahindi yasiyo na sumu hata chembe, usage, uchanganye vizuri: utapata 24 kwa kilo. Kilo tano ni punje elfu kumi na kitu, na moja tu imezipitisha kikomo zaidi ya mara mbili. Basi bambo likichoma magunia sita, tabia ya kawaida kabisa ya mahindi ni kupata sampuli nyingi za chini na moja iliyoruka juu. Jaribio linaita hali hiyo kasoro kwa sababu halikuambiwa linapima nini.

Kuna hoja nyingine ambayo sijaisikia ikijibiwa vizuri. Tuseme mchukua sampuli angechanganya zile sampuli sita kwa uzito sawa, akazisaga pamoja na kupima mara moja. Mashine ingetoa takribani 7.0. Hakuna ambaye angeweza kuichambua 21.4 kutoka kwenye unga. Kuifuta kwenye karatasi ni kudai kwamba mlaji hatakula gunia la sita. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Kila mtu hula unga wa gunia alilonalo jikoni, si wastani wa mzigo.

Lakini badili jambo moja. Namba hizohizo sita ziwe zimetoka kwenye kimiminika kimoja, kilichokamuliwa kutoka kwenye unga mmoja, kikawekwa kwenye vishimo sita vya sahani ya elisa, kipimo cha sumu cha maabara. Hapo punje hazihusiki tena. Kimiminika kimekwisha changanyika, na kinachobaki kutofautisha kishimo na kishimo ni mkono wa mpimaji, uoshaji na mashine. Makosa ya aina hii hukaribia ule ulinganifu ambao Dixon anautaka, na kishimo kinachotoa 21.4 wakati wenzake wako kwenye 4 karibu hakika kimeharibika. Kifute, uandike kwamba umekifuta na kwa nini. Hapa nakubaliana na upande wa pili bila kinyongo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua jedwali lolote, uliza marudio yalifanyika hatua gani, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Kagua daftari na kizidisho. Pima tena kimiminika kilekile: kikitoa 4, kosa lilikuwa kwenye kishimo. Kikitoa 21 tena, kamua sehemu nyingine ya unga uleule. Ikitoka 4, huenda usagaji haukuchanganya vizuri, au ukamuaji wa kwanza ulikuwa na kosa. Ikitoka 21, namba ni ya kweli kwa unga huo, na kilichobaki kuondoa ni shaka ya kinu tu, ambayo daftari la usafishaji linaweza kuijibu.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni kurudi kwenye gunia lilelile, kuchoma bambo upya, kupata 3.9 na kutangaza kwamba 21.4 imekanushwa. Bambo la pili limetoa punje nyingine. Likichomwa mara za kutosha, gunia lolote lenye punje chache mbaya litatoa jibu unalolitaka.

Na jaribio lenyewe lina upofu wa ajabu. Badala ya 4.0, gunia la tano litoe 20.1. Sasa pengo kati ya 21.4 na jirani yake ni 1.3, ukigawa kwa 17.9 unapata 0.07, na Dixon hatakuruhusu kugusa chochote. Gunia moja baya lingefutwa. Magunia mawili mabaya yanalindana, na mzigo uleule, kwa kanuni ileile, unatoka kwenye kufaulu kwa 4.1 na kuanguka kwa wastani wa 9.7 ambao masafa yake ya uhakika yanafika karibu 19.